Akaunti moja ya ChatGPT, marafiki wanne: namna ya kutenganisha chati za kila mtu

Maswali haya hujirudia kila marafiki wanapochanga hela kulipia akaunti moja, halafu baada ya miezi michache hakuna anayejua chati ipi ni ya nani. Mfano tunaoutumia tangu mwanzo hadi mwisho ni wa watu wanne wa Tanga. Yuko mwanafunzi wa ualimu, na akaunti ilifunguliwa kwa baruapepe yake. Yuko mwenye duka la vipuri vya pikipiki Ngamiani, ambaye kadi yake ndiyo inayolipa. Wengine ni muuza samaki wa Deep Sea na fundi cherehani wa Makorora. Majina ya menyu tumeyaandika kama yanavyosomeka simu ikiwa kwa Kiingereza.

## Kinachochanganyika

1. Tukitumia nywila moja, wenzangu wanaona nini hasa?

Wanaona kila kitu. Akaunti haijui kwamba nyuma yake wamo watu wanne. Kwake huyo ni mtu mmoja mwenye simu nne. Chati uliyoianza saa tatu usiku ukiwa kitandani hutokea kwenye orodha ya pembeni ya simu zote, na mwenzako akiigusa ataisoma tangu neno la kwanza, pamoja na picha na mafaili uliyopandisha.

Hata asipoifungua, kichwa chake kinatosha kukuanika. Kichwa hujiandika chenyewe kutokana na ulichouliza, na hakijui kusitiri. Fundi cherehani akiuliza kuhusu mkopo aliochelewa kulipa, wenzake watatu wanakuta maneno ya mkopo na deni juu kabisa ya orodha, asubuhi, wakifungua simu kwa mambo yao.

2. Mbona majibu yangu yanakuja na mambo ya mtu mwingine?

Hapa ndipo watu wengi hawapajui, na ndipo panapoleta madhara zaidi kuliko orodha ya chati. Mbali na chati zenyewe, akaunti hutunza kumbukumbu: maelezo mafupi kuhusu mtumiaji, yanayotumika kwenye chati zinazofuata. Pia inaweza kuchota mambo kutoka chati za zamani bila kuyaandika kwenye orodha hiyo. Watu wanne wakiitumia, kumbukumbu hizo humuunda mtu mmoja ambaye hayupo: anasoma ualimu, anauza vipuri, anaamka alfajiri kupokea samaki, na mama yake ana kisukari.

Matokeo yake unayaona kwenye kazi. Mwanafunzi anaomba mpango wa somo la darasa la tano, na mifano inamjia ya bei za mnyororo na breki. Muuza samaki anauliza chakula cha futari, na jibu linakwepa sukari kwa sababu ya ugonjwa wa mama wa mtu mwingine. Hilo la pili ni zito. Ushauri wa afya uliojengwa juu ya mwili wa mtu mwingine unaweza kumdhuru mtu, na tena siri ya mgonjwa imeshatoka bila yeye kusema neno.

3. Je, kushirikiana akaunti kunaruhusiwa?

Hapana. Masharti ya OpenAI, kampuni inayotoa ChatGPT, yanakataza kumpa mtu mwingine nywila yako au kumwachia akaunti yako aitumie. Ndiyo maana hutakuta humo kitufe cha kuongeza wasifu wa mtu wa pili, kama ilivyo kwenye huduma za filamu. Kila njia ya kutenganisha watu ndani ya akaunti moja ni ya kubandika viraka. Utengano wa kweli ni kila mtu na akaunti yake. Akaunti ya bure ipo, ina kikomo cha matumizi, na kwa mtu anayeuliza mambo machache kwa siku mara nyingi inamtosha.

## Kabla ya kuhamisha

4. Tuanzie wapi?

Anzeni kwa kukubaliana kwamba hakuna anayefuta kitu mpaka siku mtakayoipanga. Ugomvi mwingi wa kutengana hutokana na mmoja kusafisha orodha kwa nia njema, akafuta rasimu ya ripoti ya mazoezi ya kufundisha ya mwenzake. Chati iliyofutwa hairudi (swali la 12).

Kisha kila mmoja afungue akaunti yake kwa baruapepe yake mwenyewe, ambayo anaijua nywila yake na anaweza kuifungua leo. Baruapepe aliyofunguliwa na fundi simu miaka iliyopita, na asiyejua namna ya kuiingia, haifai.

Kazi ya tatu ndiyo ndefu: kutia alama. Kila mtu apitie orodha na kubadili vichwa vya chati zake kwa herufi mbili walizokubaliana, kwa mfano `MW-` kwa mwanafunzi, `VP-` kwa wa vipuri, `SM-` kwa wa samaki, `CH-` kwa wa cherehani. Gusa vidoti vitatu kwenye chati, chagua `Rename`, andika herufi mbele ya kichwa. Msifanye wote kwa wakati mmoja kila mtu na simu yake. Kaeni pamoja, mmoja mmoja kwa zamu, mwenye chati akiwa ndiye anayeshika simu.

5. Chati ni mia kadhaa, nitazijuaje zangu bila kusoma za wenzangu?

Tumia sehemu ya kutafutia iliyo juu ya orodha. Inatafuta ndani ya maneno ya chati, si kwenye vichwa tu, kwa hiyo andika maneno ambayo wewe peke yako huyatumia. Wa vipuri ataandika jina la modeli ya pikipiki anayoiuzia vifaa kila siku. Fundi ataandika "solo" au "mshono". Mwanafunzi ataandika jina la somo lake. Maneno matano au sita hutoa sehemu kubwa ya chati zako bila kufungua ya mtu.

Zitabaki ambazo hazina mwenyewe: tafsiri ya sentensi moja, hesabu ya mara moja, barua ya maombi isiyo na jina. Hizo zipeni alama `XX-` na msihangaike nazo. Kikibaki kitu cha siri ambacho hakuna anayekiri ni chake mbele ya wenzake, mwacheni kila mmoja ashike simu peke yake kwa dakika kumi kabla ya siku ya kufuta. Mwenye nacho atakiondoa, na hakuna haja ya kuulizana.

## Kuhamisha chati

6. Kuna kitufe cha kuhamisha chati kutoka akaunti moja kwenda nyingine?

Hakuna. Huwezi kuunganisha akaunti mbili wala kupandisha historia ya akaunti ya zamani kwenye mpya. Zipo njia tatu za kuzunguka: linki ya kushiriki (swali la 7), kunakili maneno (swali la 8), na kupakua historia nzima (swali la 9). Usihamishe yote. Mwanafunzi mwenye chati 80 huwa na tano au sita tu anazozihitaji kweli; zilizobaki ni maswali yaliyokwisha kujibiwa.

7. Linki ya kushiriki inafanyaje kazi hiyo?

Hii ndiyo njia bora kwa chati ndefu isiyo na siri, kwa sababu unaweza kuendelea nayo ukiwa kwenye akaunti mpya. Tuichukue chati ya mwanafunzi ya ripoti ya mazoezi ya kufundisha.

Akiwa kwenye akaunti ya pamoja, anafungua chati hiyo, anagusa `Share`, anatengeneza linki na kuinakili. Linki anajitumia mwenyewe, kwenye WhatsApp kwa namba yake au kwenye baruapepe yake, na si kwenye grupu. Kisha anatoka kwenye akaunti ya pamoja, anaingia kwenye akaunti yake mpya, na kuifungua linki kwa kivinjari. Chati inatokea nzima. Sasa anaandika ujumbe mmoja chini yake, hata mfupi, na kuutuma. Hatua hii ndiyo inayosahaulika zaidi: kusoma linki hakuiweki chati kwenye orodha yako, bali kuiendeleza ndiko kunakoiingiza. Baada ya kutuma, afunge kivinjari, afungue upya, na aone chati imo kwenye orodha ya akaunti mpya.

Mambo matatu huenda kombo hapa. La kwanza, linki hubeba yaliyokuwamo siku ilipotengenezwa tu. Ukiendelea kuandika kwenye chati ya zamani baadaye, nyongeza hiyo haifuati. La pili, usitegemee kwamba picha na mafaili uliyopandisha yatahama. Yahifadhi kwenye simu yako kando. La tatu, na ndilo linalowaumiza watu, ukifuta chati ya asili kabla hujaiendeleza kwenye akaunti mpya, linki nayo inakufa. Ukishaiendeleza, nakala yako inabaki hata asili ikifutwa.

8. Na chati zenye siri, kama za afya au fedha?

Usizitengenezee linki. Linki ya namna hii haina mlinzi: yeyote anayeipata anaisoma. Kwa chati za aina hii nakili maneno unayoyahitaji, ubandike kwenye programu ya kuandikia iliyo kwenye simu yako, kisha ufute chati. Mara nyingi unachohitaji si mazungumzo yote bali jibu la mwisho: ratiba ya kulipa deni, au orodha ya maswali ya kumpelekea daktari wa hospitali ya Bombo. Aya mbili hizo zinatosha.

9. Tukipakua historia yote, kila mtu atapata yake?

Hapana, na hapa muwe waangalifu. Ukienda `Settings`, kisha `Data controls`, kisha `Export data`, ombi hukusanya chati za akaunti nzima, za wote wanne, na linki ya kupakua hutumwa kwa baruapepe iliyofungua akaunti. Kwa mfano wetu ni ya mwanafunzi. Yeye peke yake ndiye atakayeshika faili lenye maisha ya watu wanne, na hata chati zilizowekwa kando kwa `Archive` zimo. Linki hiyo hudumu saa 24 tu, kwa hiyo asiombe siku ambayo hana bando. Faili lenye picha nyingi huwa zito.

Kwa hiyo mpangilio uwe hivi: kwanza kila mtu afute chati zake za siri (swali la 8), ndipo ombi lifanywe. Ndani ya faili la `.zip` mtakuta `chat.html`, linalofunguka kwa kivinjari na kusomeka kama kawaida, pamoja na data yenyewe kwenye `conversations.json`. Kwenye akaunti kubwa data hiyo huweza kugawanywa katika mafaili kadhaa.

Mkiwa mmetia alama kama swali la 4 linavyoeleza, mwenye kompyuta yenye Python anaweza kumtolea kila mmoja za kwake. Huu ni mfano wa muuza samaki:

```python
import glob, json
zote = [c for j in sorted(glob.glob("conversations*.json")) for c in json.load(open(j, encoding="utf-8"))]
zangu = [c for c in zote if (c.get("title") or "").startswith("SM-")]
with open("SM.json", "w", encoding="utf-8") as f:
    json.dump(zangu, f, ensure_ascii=False, indent=1)
print(len(zangu))
```

Namba inayotoka mwishoni ni idadi ya chati. Ikiwa 0, ama mafaili ya `conversations` hayako kwenye folda unamoiendeshea, ama alama iliandikwa kwa herufi ndogo, ama iliwekwa nafasi mbele yake, ama ombi la kupakua lilifanywa kabla ya kutia alama. Faili la `SM.json` ni la kuhifadhi; kusoma kwake si raha. Asiye na kompyuta afungue `chat.html`, anakili zake, na basi. Kila mtu akishapata chake, `.zip` ifutwe kwenye simu, kwenye baruapepe na kwenye kompyuta ya dukani kama ndiko mlikoifungulia.

## Kumbukumbu na kufunga mlango

10. Nimefuta chati zangu zote. Nimemaliza?

Bado. Kufuta chati hakufuti kumbukumbu iliyotokana nayo. Fungua `Settings`, kisha `Personalization`, utafute sehemu ya kumbukumbu na kitufe cha `Manage`. Utakuta mstari kwa mstari yaliyohifadhiwa. Someni pamoja, na kila mmoja afute ya kwake. Kama akaunti inabaki kwa mtu mmoja, njia safi zaidi ni kufuta orodha yote aanze upya, maana mistari mingine haina alama ya mwenyewe: "anapendelea majibu mafupi" inaweza kuwa ya yeyote.

Hapohapo kwenye `Personalization` yapo maagizo maalumu, yale maneno ya "nijibu hivi na hivi". Mara nyingi mmoja aliyaandika siku ya kwanza na wote wakayasahau. Kisha pitia `Data controls`, sehemu ya linki zilizoshirikiwa, uzifute zote zilizokwisha kazi. Na chati za `Archive` zina orodha yake ya kufunguliwa humohumo. Kuiweka chati kando si kuificha, mwenye nywila anaifungua kwa kugusa mara mbili.

11. Tunafungaje ili asibaki mtu ndani?

Anayebaki na akaunti abadili nywila, kisha aende kwenye mipangilio ya usalama na kuchagua `Log out of all devices`. Vifaa vingine huchukua hadi nusu saa kutoka, kwa hiyo usishtuke ukiona simu ya mwenzako bado imo ndani dakika tano baadaye. Kama mlikuwa mkiingia kwa kitufe cha Google, nywila ya kubadilisha ni ya Google, na hapo muulizane kwa dhati: ni nani mwingine aliyepewa nywila ya baruapepe hiyo? Aliye nayo anaweza kurudi wakati wowote. Baada ya hapo washa uthibitisho wa hatua mbili.

12. Chati iliyofutwa inaweza kurudishwa?

Kwenye orodha yako, hapana. OpenAI inaeleza kwamba chati iliyofutwa huondolewa kwenye mitambo yao ndani ya siku 30, isipokuwa pale wanapolazimika kuitunza kisheria au kiusalama, lakini muda huo haukupi wewe njia ya kuirudisha. Kama faili la kupakua lilichukuliwa kabla ya kufuta, imo humo.

## Hali ngumu

13. Tumelipia mwezi mzima na hatutaki kutengana kabla haujaisha. Tufanyeje?

Fanyeni mambo mawili. La siri liandikwe kwenye `Temporary Chat`, kitufe chake kiko juu unapoanza chati mpya. Chati hiyo haiingii kwenye orodha na haiongezi kumbukumbu, ingawa kampuni inaweza kuwa na nakala yake hadi siku 30 kwa sababu za usalama. Ukiifunga imekwenda, kwa hiyo nakili jibu kwanza. Na mzime kumbukumbu kwa akaunti nzima, ili yaliyoelezwa kwenye swali la 2 yakome. Mnaweza pia kumtengenezea kila mtu `Project` yake chati zisizagae, lakini hilo ni suala la mpangilio tu. Mwenzako anaifungua `Project` yako kama anavyofungua kitu kingine chochote.

14. Kadi ni ya mmoja na baruapepe ni ya mwingine. Akaunti ni ya nani?

Kwa vitendo, ni ya mwenye baruapepe: yeye ndiye anayeweza kuomba nywila mpya na kupakua historia. Mwenye duka anayelipa kwa kadi yake hawezi kuuhamisha usajili kwenda akaunti yake mpya. Anachofanya ni kusitisha usajili, ambao huendelea hadi mwisho wa kipindi kilicholipiwa, kisha anaanza mwingine kwenye akaunti yake akitaka. Kama malipo yalifanywa kupitia duka la programu la simu, asitishe hukohuko. Kufuta programu kwenye simu hakusitishi makato, na hata kufuta akaunti yenyewe hakusitishi usajili ulio upande wa duka la programu. Anayechangiwa na wenzake kwa mwezi ajue tarehe ya makato, awaambie mapema.

15. Mwenye baruapepe amehama na hapatikani, ila mimi bado naingia.

Fanya kazi leo, kwa sababu siku akibadili nywila umetoka. Hamisha zako kwa linki au kwa kunakili, zifute, futa kumbukumbu zinazokuhusu, kisha utoke. `Export data` haitakusaidia kwani faili litakwenda kwake. Na usiguse chati za wenzako hata kama unaona ni za aibu na ungependa kuwasitiri. Wapigie simu wazifute wenyewe.

16. Nilinunua nafasi kwenye akaunti ya pamoja kwa mtu wa mtandaoni, siwajui wenzangu.

Hapo hakuna mkutano wa kutia alama wala wa kukubaliana na mtu. Muuzaji ana baruapepe, kwa hiyo anaweza kupakua kila mlichoandika, pamoja na mlichoandika jana. Nakili unachohitaji, futa chati zako na kumbukumbu zako, kisha toka na usirudi. Kama uliwahi kuandika humo namba ya siri ya pesa za simu, nywila yoyote, au kupandisha picha ya kitambulisho cha NIDA, namba ya siri na nywila zibadilishe siku hiyohiyo. Picha ya kitambulisho huwezi kuibadilisha, kwa hiyo piga `*106#` uangalie laini zilizosajiliwa kwa jina lako, na ukikuta usiyoijua nenda kwa mtandao husika ukaifunge.